Kichomi cha mkimbiaji: tuanze na tumbo, kisha pumzi

Mkimbiaji aliyeshikwa na kichomi hakwambii tumbo linauma. Anaweka kidole mahali pamoja, ubavuni, chini kidogo ya mbavu, na mara nyingi upande wa kulia. Maumivu yakiwa madogo, huhisi kama kuna kitu kinambana au kinavuta kwa ndani. Yakizidi, huwa makali ya kuchoma, na kila mguu unapotua chini yanaongezeka. Akisimama yanapungua ndani ya dakika chache. Akirudi kwenye kasi ileile yanamrudia. Wengine husikia pia maumivu kwenye ncha ya bega, jambo linalowashangaza kwa sababu bega halijafanya kazi yoyote.

Ushauri anaopewa viwanjani karibu kote ni mmoja: hujui kupumua. Avute pumzi kwa pua, atoe kwa mdomo, apige hesabu ya hatua. Ushauri huo una faida yake na nitaurudia, lakini umepewa nafasi kubwa kuliko inayostahili. Ushahidi uliokusanywa tangu mwaka 2000 unaelekeza kwanza kwenye kitu kingine: ulichoweka tumboni saa mbili au tatu kabla ya kukimbia, na hasa ulichokunywa.

Kazi kubwa ya kuchunguza maumivu haya imefanywa Australia na Darren Morton na Robin Callister. Mwaka 2000 walichapisha matokeo ya kuwahoji wanamichezo 965 wa michezo sita. Miongoni mwa wakimbiaji, asilimia 69 walisema walipatwa na kichomi katika mwaka uliopita. Waogeleaji walikuwa asilimia 75, waendesha baiskeli 32. Namba inayofungua macho zaidi ni ya wapanda farasi: asilimia 62. Mpanda farasi hahemi kama mkimbiaji. Amekaa, mapafu yake hayajabanwa na kazi, lakini kiwiliwili chake kinatikiswa kwa muda mrefu akiwa amenyoosha mgongo. Kama kichomi kingekuwa tatizo la pumzi kupungua, mtu huyu asingekuwa na sababu ya kukijua.

Hapo ndipo nadharia ya zamani inapoanza kuyumba. Kwa miaka mingi ilielezwa kuwa diaframu, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hukosa damu ya kutosha kwa kuwa damu imepelekwa miguuni na kwenye chakula kinachosagwa, hivyo unakaza na kuuma. Ni maelezo yanayoingia akilini haraka. Lakini watafiti haohao wa Australia walipima uwezo wa kupumua wa watu wakiwa katikati ya maumivu, wakakuta diaframu inafanya kazi yake kama kawaida. Walipima pia umeme wa misuli chini ya mahali panapouma, wasione dalili ya msuli uliokaza. Kwa hiyo kukiita kichomi mkazo wa misuli, kama ule wa shavu la mguu, hakukubaliani na vipimo.

Nadharia ya pili inataja ini, tumbo la chakula na bandama. Viungo hivi vimeshikizwa chini ya diaframu kwa kano, na mkimbiaji anaporuka na kutua vinavutwa chini. Tumbo likiwa limejaa, uzito unaongezeka na kano zinavutika zaidi. Hili lina ukweli kwa mtu anayekimbia, lakini linamwacha nje mwogeleaji, ambaye maji yamembeba, hatikiswi juu na chini, naye ndiye aliyeongoza kwa kupatwa. Wale wanaoamini kwamba bandama peke yake ndiyo inayouma wana kikwazo kingine: bandama iko kushoto, na katika utafiti ule wa mwaka 2000 walioumwa kulia walikuwa karibu mara mbili ya walioumwa kushoto.

Maelezo yanayofunika mengi zaidi, na ndiyo ninayoyaamini, ni ya utando wa tumbo, ambao madaktari huuita peritoneo. Utando huu una tabaka mbili. Moja limefunika viungo vyenyewe, jingine limetandazwa upande wa ndani wa ukuta wa tumbo na chini ya diaframu, na katikati kuna maji machache ya kulainisha ili tabaka hizo ziteleze bila kukwaruzana. Tabaka la nje lina mishipa mingi ya fahamu na huuma vikali likiguswa vibaya, tena mtu anaweza kuonyesha hasa panapouma. Ndiyo maana mkimbiaji hutumia kidole kimoja, tofauti na mtu mwenye tumbo la kuendesha ambaye hupitisha kiganja kizima kitovuni. Sehemu ya utando iliyo chini ya diaframu imeunganishwa na mshipa wa fahamu unaotoka shingoni, eneo lilelile linalopokea hisia za bega. Ubongo unapokea taarifa na kuiweka begani. Siri ya lile bega linalouma bila kazi inafunguka hapo, na hakuna nadharia nyingine inayoieleza vizuri hivyo.

Sasa tumbo linapojaa, hutanuka na kuusukuma utando huo dhidi ya ukuta. Kiwiliwili kikizungushwa na kutikiswa maelfu ya mara, msuguano unaongezeka. Ongeza kinywaji kizito cha sukari, na inawezekana hata yale maji ya kulainisha yakapungua au yakabadilika. Hii sehemu ya mwisho bado ni dhana, lakini athari ya kinywaji chenyewe imeonekana wazi.

Mwaka 2004 Morton na wenzake waliwachukua watu 40 ambao hupatwa na kichomi kwa urahisi, wakawakimbiza mara nne katika hali nne: bila kunywa kitu, kwa maji yenye ladha tu, kwa kinywaji cha wanamichezo, na kwa juisi ya machungwa ya dukani. Juisi ile ilikuwa na takriban gramu 10 za wanga kwa kila mililita 100. Ndiyo iliyoleta kichomi kuliko vingine vyote. Inafaa kuangalia kwa makini kwamba kiasi cha maji tumboni peke yake hakielezi tofauti hiyo, maana vinywaji vingine navyo vilikuwa vimiminika vilevile. Kilichotofautiana ni uzito wa sukari. Kinywaji kilichokolea kuliko damu huvuta maji kuyaingiza kwenye utumbo na hulifanya tumbo lichelewe kujimwaga, hivyo unakimbia na mzigo ulioudhani umeshaondoka.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atafsiri hili kwa vitu vyake. Soda ya kawaida ina gramu 10 hadi 11 za sukari kwa mililita 100, kiasi kilekile cha ile juisi ya majaribio. Juisi ya miwa inayokamuliwa barabarani kwa kawaida huipita soda. Juisi ya embe au ukwaju ya nyumbani inategemea mkono wa aliyeitengeneza, na wengi tunajua mkono huo huwa mzito. Vinywaji hivi si vibaya, ila saa yake si ile ya kuelekea kukimbia.

Chukua mfano wa mtu anayefanya kazi mjini na kujiandaa kwa nusu marathoni. Anakula mchana saa 8: wali sahani iliyojaa, maharage, kipande cha nyama, mchicha. Saa 11 jioni, akitoka kazini, anajinunulia glasi kubwa ya juisi ya miwa ili apate nguvu. Saa 11 na nusu yuko barabarani. Anaanza kwa kasi kwa sababu giza linakaribia, na kabla ya kilomita ya tatu ubavu wa kulia umeshamshika. Anajilaumu kwamba pumzi zake ni mbovu.

Mtu huyu ana washukiwa watatu: juisi, mlo, na mwanzo wa kasi. Akibadilisha vyote siku moja atapona bila kujua kilichomponya, kisha atajinyima vitu ambavyo havikuwa na kosa. Njia nzuri ni kuondoa kimoja kwa wiki moja au mbili, akikimbia njia ileile kwa kasi ileile. Ningeanza na juisi kwa sababu ndiyo iliyo karibu zaidi na mbio na ndiyo yenye ushahidi ulio wazi. Badala yake anywe maji kidogokidogo mchana kutwa, na glasi moja ya mwisho kama saa 10 na nusu. Baada ya hapo, akihisi koo limekauka, ni mafunda mawili tu.

Kichomi kikiisha, kazi imekwisha. Aendelee na wali wake. Kikipungua lakini hakiishi, aguse mlo. Ushauri unaokubalika ni kuepuka mlo mkubwa saa mbili hadi tatu kabla ya mazoezi, na huyu yumo ndani ya mpaka kwa kuangalia saa tu. Ila sahani yake ni kubwa, ina mafuta na maharage. Mafuta hulichelewesha tumbo, na maharage huleta gesi, hivyo saa tatu na nusu huenda zisimtoshe. Asogeze chakula kizito hicho usiku baada ya mbio, na mchana ale wali nusu sahani na mchuzi mwepesi, ikiwezekana saa 7. Njaa ikimbana kufikia saa 10, ndizi mbivu moja inamtosha bila kulijaza tumbo.

Kama hata hapo ubavu unaendelea kumshika, kilichobaki ni mwanzo wake. Dakika kumi za kwanza aende taratibu kiasi cha kuweza kuzungumza sentensi nzima, ndipo aongeze. Aandike kila siku mambo manne kwenye daftari au simu: alikula nini na saa ngapi, alikunywa nini, kichomi kilianza baada ya dakika ngapi, na kilikuwa upande gani. Baada ya wiki chache karatasi hiyo itamweleza zaidi kuliko kocha yeyote ambaye hajamwona akila.

Katika City to Surf, mbio za kilomita 14 za mjini Sydney, Morton na wenzake waliwauliza washiriki 848. Asilimia 27 walisema walishikwa na kichomi siku hiyohiyo: asilimia 30 ya waliokimbia na 16 ya waliotembea. Vijana walishikwa kuliko watu wazima, na mlo mkubwa saa moja au mbili kabla ya mbio ulihusishwa na maumivu. Unene na jinsia havileti tofauti ya kutajwa. Mazoezi nayo hayampi mtu kinga kamili. Aliyezoea hupatwa mara chache, lakini kikimshika humshika sawasawa na mwingine. Wazazi na walimu wa michezo wazingatie hilo la umri. Mtoto anayesimama akishika ubavu wakati wa mbio za shule si mvivu, na huenda jibu liko kwenye uji na maandazi aliyokula nusu saa kabla ya kupuliziwa filimbi.

Wakimbiaji wa Iten na Eldoret wamezoea kutoka alfajiri kabla ya chai, na kifungua kinywa kinafuata baada ya mazoezi. Wana sababu nyingine nyingi za kufanya hivyo, lakini tumbo tupu la asubuhi linawaondolea mzigo ninaouzungumzia. Anayetaka kuwaiga kwa mbio ya chini ya saa moja anaweza, mradi awe amekula vizuri usiku. Mwenye kisukari anayetumia dawa asifanye hivyo kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwani sukari yake inaweza kushuka akiwa njiani.

Mwezi wa Ramadhani ni habari nyingine. Vijana wengi wa Pwani hucheza mpira au kukimbia usiku baada ya futari, na futari yenyewe ni tende, uji, mihogo au magimbi ya nazi, sambusa na jagi la juisi. Nazi ni mafuta, juisi ni sukari, na vyote vimeingia kwa pamoja kwenye tumbo lililolala mchana mzima. Anayetaka kukimbia usiku huo afungue kwa tende na maji, ale kidogo, akimbie baada ya saa mbili au zaidi, kisha arudi kwenye mihogo yake kwa utulivu. Wengine hupendelea mbio fupi na nyepesi muda mfupi kabla ya magharibi, ili maji yasiwe mbali.

Tuje kwenye pumzi. Mwaka 1983 Dennis Bramble na David Carrier walionyesha kwamba binadamu anapokimbia huunganisha pumzi na hatua zake, na mpangilio wa kawaida ni hatua mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kuvuta na kutoa, ingawa tunaweza kubadilisha. Kutokana na hapo limeenea wazo kwamba anayetoa pumzi kila mara mguu wa kulia unapotua hulichosha ini, na kwamba dawa ni kupumua kwa hesabu ya witiri: vuta kwa hatua tatu, toa kwa hatua mbili, ili zamu ya kutoa ihame kutoka mguu huu kwenda ule. Wapo wanaosema imewasaidia, na haina madhara. Lakini imejengwa juu ya nadharia ya kano na ini, ile iliyomwacha mwogeleaji nje, hivyo sioni sababu ya kumfundisha mwanafunzi hesabu hiyo kama sheria.

Pumzi ina kazi iliyo dhahiri zaidi pale kichomi kinapokuwa kimeshafika. Plunkett na Hopkins wa New Zealand, mwaka 1999, waliwanywesha watu, wakawakimbiza mpaka ubavu ukauma, kisha wakajaribu njia za kutuliza. Tatu zilisaidia: kuinama mbele huku misuli ya tumbo imekazwa, kukaza mkanda mpana kiunoni, na kupumua kwa midomo iliyobanwa huku mapafu yamebaki yamejaa. Zote tatu zinashikilia tumbo na kupunguza jinsi vilivyomo vinavyosukumana na ukuta.

Barabarani hiyo inafanyika hivi. Punguza kasi mpaka mwendo wa kutembea haraka au kukimbia polepole sana. Vuta pumzi ndefu, tumbo litoke nje, si mabega kupanda. Kisha kaza tumbo, bana midomo kama anayepuliza jiko la mkaa, utoe hewa taratibu kwa hatua tatu au nne, na uvute tena kabla mapafu hayajaisha hewa. Wakati huohuo bonyeza mahali panapouma kwa vidole viwili, na uinamie kidogo upande huo. Rudia pumzi kumi hivi. Kikitulia, rudi kwenye kasi kwa hatua, maana kuruka moja kwa moja kwenye kasi ya awali hukirudisha. Kikikataa, simama kabisa. Hakuna faida ya kukimbia ndani ya maumivu hayo. Mara nyingine eneo hilo hubaki likiuma kwa siku moja au mbili baadaye.

Mgongo nao una sehemu yake. Watu waliopinda mgongo wa juu walionekana kupatwa zaidi na kwa ukali zaidi, pengine kwa sababu mishipa ya fahamu ya ukuta wa tumbo inatokea kwenye uti wa mgongo wa kifuani. Anayeshinda ofisini ameinamia kompyuta kisha anatoka kukimbia ana jambo la kufanyia kazi hapo, na mazoezi ya kuimarisha misuli ya ndani ya tumbo yanaonekana kusaidia, ingawa matunda yake huja baada ya wiki nyingi.

Siku ya mbio kubwa, hatari iko kwenye vituo vya maji. Mtu aliyefanya mazoezi miezi mitatu bila kichomi anafika kituo cha pili, anapewa chupa, anaimaliza kwa mkupuo kwa sababu jua limepanda, na kilomita moja mbele ubavu unamshika. Mafunda mawili matatu kila kituo yanatosha bila kulijaza tumbo. Ukipewa soda au juisi, changanya na maji au iache hadi mstari wa mwisho, isipokuwa umeshaijaribu mazoezini.

Kuna maumivu ya ubavu ambayo si haya. Kichomi cha mkimbiaji huja na mwendo na huondoka na mapumziko. Maumivu yanayobaki ukiwa umelala, yanayochoma kila unapovuta pumzi hata ukiwa umekaa, yakiambatana na homa na kikohozi, yanaweza kuwa homa ya mapafu. Yanayoanzia kitovuni na kuhamia chini kulia yanaweza kuwa kidole tumbo. Kubanwa kifuani kunakokwenda mkononi au tayani, pamoja na jasho la baridi au kizunguzungu, ni jambo la moyo mpaka daktari aseme vinginevyo. Na katika nchi zetu za malaria kuna la ziada: bandama huweza kuvimba wakati wa ugonjwa na kubaki imevimba kwa muda baada ya homa kuisha, na bandama iliyovimba hupasuka kwa urahisi ikigongwa. Aliyetoka kuugua malaria na anahisi uzito au maumivu kushoto chini ya mbavu asirudi kukimbia wala kucheza mpira kabla ya kupimwa tumbo.

Kwa anayeshikwa na kichomi cha kawaida, wiki hii jaribu jambo moja tu: usinywe chochote chenye sukari ndani ya saa mbili kabla ya kukimbia, mengine yote yaache kama yalivyo, na uandike kilichotokea.